"Mbona mwenzangu kalipa nusu?" Kuwafundisha watu wa mapokezi kueleza bei ya chumba

Swali: Mimi ni msimamizi wa mapokezi kwenye hoteli ya vyumba 80 hapa Bamburi, Mombasa. Tangu tuanze kutumia bei zinazobadilika kila siku, wageni wanalinganisha bei wakiwa kwenye bwawa la kuogelea, halafu wanakuja kaunta na hasira. Vijana wangu wanajibu "ni mfumo" au wanakimbilia kumwita meneja. Niwaeleze vipi hadi waweze kujibu wenyewe?

Jibu:

Waanzishe kwenye kuisoma buking ya mgeni, nadharia ya kupanga bei iache kwanza. Mafunzo mengi ya hoteli huenda kinyume. Mtu wa mauzo anakuja na michoro yake, anaeleza jinsi bei inavyopanda vyumba vikipungua, vijana wanaitikia. Jumamosi ikifika, mgeni akiuliza, wanarudia kile kipande kimoja walichokishika: "Bei imepanda kwa sababu watu ni wengi." Jibu hilo humuudhi mgeni kuliko lingine lolote, na mara nyingi linaeleza sehemu ndogo tu ya ile tofauti anayoilalamikia.

Nitakuonyesha kwa hesabu, kwa sababu vijana wako wataamini hesabu kuliko maneno yangu. Chukua hoteli yenye vyumba 80 kama yako, na chumba cha kawaida cha watu wawili kinachotazama bustani. Tuseme kina ngazi nne za bei. Vyumba vilivyochukuliwa usiku ule vikiwa chini ya 40, bei ni shilingi 9,000. Vikifika 40 inakuwa 10,500, vikifika 56 inakuwa 12,000, na kuanzia 68 kwenda juu ni 13,500. Bei zote hizo zina kiamshakinywa na kodi ndani yake, na mgeni anaweza kufuta bila gharama hadi saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Anayelipa yote mapema na kukubali kwamba pesa hazirudi anapunguziwa asilimia 10. Anayetaka hafubodi, yaani na chakula cha jioni, anaongeza 1,800 kwa kila mtu.

Sasa ni Jumamosi ya Agosti, shule zimefungwa. Wageni wawili wamekaa kwenye viti vya bwawa. Wa kwanza ni baba aliyetoka Nairobi na mkewe kwa treni. Alibuku wiki sita kabla, siku tatu mfululizo, Alhamisi hadi Jumamosi, akalipa kabisa. Wakati ule Alhamisi na Ijumaa zilikuwa bado kwenye ngazi ya 9,000, na Jumamosi ilikuwa imeshapanda hadi 10,500 kwa sababu vyumba 43 vilikuwa vimechukuliwa. Jumla 28,500, toa asilimia 10, zinabaki 25,650. Gawa kwa siku tatu: 8,550 kwa usiku mmoja. Wa pili ni mama aliyekuja na mumewe kuhudhuria harusi. Alibuku Alhamisi jioni kwa usiku wa Jumamosi peke yake, vyumba 69 vikiwa vimeshakwenda, akachukua hafubodi. Chumba 13,500, chakula cha jioni cha watu wawili 3,600. Jumla 17,100.

Mama huyo akija kaunta atasema kalipa mara mbili ya mwenzake, na kweli ni mara mbili kamili. Tofauti ni 8,550. Kijana asiyejua kuisoma buking atatazama namba mbili na kuona hoteli yake imeiba. Kijana aliyefundishwa ataipasua tofauti hiyo vipande. Chakula cha jioni ni 3,600, na mama atakila usiku huu. Punguzo la kulipa mapema bila kurudishiwa ni 950 kwa usiku. Wastani wa siku tatu unashuka chini ya bei ya Jumamosi peke yake kwa 1,000, kwa sababu Alhamisi na Ijumaa zilikuwa rahisi. Hapo tumefika 5,550. Kinachobaki, shilingi 3,000, ndicho pekee kilichotokana na bei ya Jumamosi kupanda kutoka 10,500 hadi 13,500 kati ya siku aliyobuku yule baba na siku aliyobuku mama huyu.

Kwa hiyo katika 8,550 zinazomuuma mgeni, takriban theluthi moja tu ndiyo "bei kupanda." Zilizobaki ni chakula, masharti na siku zenyewe. Hesabu hii moja, ukiifanya na vijana wako polepole kwenye karatasi, itabadilisha jinsi wanavyosimama pale kaunta, kwa sababu hawatahisi tena kwamba wanatetea kitu cha aibu. Mhudumu anayeamini moyoni kwamba bei ni ya kupora ataonekana usoni hata maneno yake yakiwa matamu.

Kuna mpaka mmoja wa kuwaambia tangu mwanzo. Vipande vya mgeni wa kwanza havitajwi kwa mgeni wa pili. Alilipa ngapi, alibuku lini, yuko chumba gani: hizo ni habari zake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayoibana hoteli kama ofisi nyingine yoyote. Hata kama mgeni mwenyewe ameshamwambia mwenzake pale bwawani, mhudumu hathibitishi wala hakanushi. Anaeleza buking iliyo mbele yake tu, na hiyo inamtosha.

Sasa maneno yenyewe. Wahudumu wengi wa pwani wakibanwa hutoa mfano wa matatu: "Si unajua mama, mvua ikinyesha nauli hupanda?" Wakataze mfano huo. Hakuna Mkenya aliyewahi kulipa nauli ya mvua akaona ametendewa haki, kwa hiyo mhudumu anajishtaki mwenyewe. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti ambao kila mtu wa bei anaujua. Waliwauliza watu nchini Kanada kuhusu duka lililokuwa likiuza sepetu za kuzolea theluji kwa dola 15, likapandisha hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba. Asilimia 82 walisema duka limekosea. Gharama ya duka haikuwa imebadilika, ila shida ya watu ndiyo iliyokuwa imeongezeka, na hilo ndilo lililowachukiza. Mhudumu anayesema "tumepandisha kwa sababu watu ni wengi" anajiweka kwenye nafasi ya duka lile.

Tofauti hiyohiyo ya bei hupokelewa vizuri zaidi ikielezwa kutoka juu kwenda chini: bei kamili ni hii, na yeyote anayekubali sharti fulani hupunguziwa. Haitoshi kuyapamba maneno, lazima iwe kweli. Kwenye mfano wetu bei kamili ya Jumamosi ni 13,500, nayo iwe imetangazwa wazi kwenye ukurasa wa hoteli na kwenye karatasi ya kaunta. Mgeni akiona kwamba punguzo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na kwamba aliyelipata alitoa kitu, hasira nyingi hupoa. Hoteli ikitangaza bei kamili ya uongo, tuseme 25,000 ambayo haijawahi kumtoza mtu, ili kila bei ionekane punguzo, vijana wako watashikwa siku ya kwanza mgeni atakapofungua simu.

Kwa hiyo yule mama wa harusi ajibiwe hivi, kwa utulivu na buking yake ikiwa wazi kwenye skrini:

"Pole mama, hebu tuitazame pamoja buking yako. Hii 17,100 ina chakula cha jioni cha watu wawili usiku wa leo, hicho ni 3,600. Chumba chenyewe ni 13,500, nayo ndiyo bei kamili ya Jumamosi. Ulikuwa na nafasi ya kufuta hadi jana jioni bila kulipa chochote. Tunazo bei za chini kwa anayelipa mapema bila kurudishiwa, na kwa anayebuku wiki kadhaa kabla, vyumba vikiwa bado vingi. Ukija tena, nipigie mapema nikuangalizie mimi mwenyewe."

Angalia mpangilio wake. Kwanza anataja kilichomo ndani ya bei ya mgeni huyu. Pili anataja alichokuwa nacho ambacho bei ya chini haina. Mwisho anasema bei ya chini hupatikana vipi. Suala la vyumba kupungua limetajwa, maana kulificha ni uongo, ila limekuja likiwa na uzito wake halisi wa 3,000 na si wa 8,550. Wafundishe wasiseme "hoteli imejaa" kama haijajaa. Mama atapita korido, ataona milango wazi na funguo zikining'inia, na baada ya hapo hataamini lingine lolote.

Jambo la pili linalowashinda vijana ni mgeni aliyeingia bila buking, amesimama kaunta, ameambiwa 13,500, na anageuza simu: "Mbona huku ni 11,440?" Hapa mhudumu asibishane wala asikubali. Aombe kuiona simu kwa heshima na asome pamoja na mgeni, kwa mpango huu. Aanze na tarehe na idadi ya watu, kwa sababu watu wengi hutafuta usiku wa kesho au mtu mmoja bila kujua. Kisha aina ya chumba na chakula. Kisha masharti ya kufuta. Mwisho, maandishi madogo ya kodi.

Hayo ya kodi ndiyo yanayowatoa vijana jasho. Baadhi ya kurasa za kubuku huonyesha bei kabla ya kodi hadi hatua ya mwisho, kutegemea mipangilio ya simu ya mgeni. Kwa Kenya, VAT ni asilimia 16, na hoteli hutozwa pia asilimia 2 ya ushuru wa utalii. Chukua 11,440 ya kwenye simu: VAT ni 1,830, ushuru wa utalii 229, jumla 13,499. Ni bei ileile ya kaunta. Mhudumu asimwambie mgeni "umesoma vibaya." Amwombe aendelee kubonyeza hadi ukurasa wa kulipia, jumla itajitokeza yenyewe, na hakuna atakayekuwa ameshindwa.

Lakini wakati mwingine simu kweli ina bei ya chini. Booking.com, kwa mfano, ina punguzo la wanachama liitwalo Genius, na kuna mapunguzo ya wanaobuku kwa simu ambayo hoteli yenyewe iliyakubali ilipofungua akaunti, kisha ikasahau kuwaambia watu wa mapokezi. Tuseme mgeni ana 12,150 halali, kodi ndani, masharti yaleyale. Kijana akikataa kwa ukaidi, mgeni ataketi kwenye kochi la mapokezi na kubuku hapohapo. Komisheni ikiwa asilimia 15, hoteli itakatwa 1,822 na kubaki na takriban 10,328 kwa chumba kilekile ambacho ingeuza kwa 12,150 kaunta. Ruhusa ya kumuuzia mgeni kwa bei ileile ya simu iwe mikononi mwa mhudumu, bila kumwita meneja, ilimradi aione skrini ya mwisho na masharti yawe sawa. Akumbuke kuandika sababu kwenye buking, la sivyo mtu wa hesabu atamuuliza kesho.

Kuna swali jingine ambalo halikosekani, hasa likizo za Agosti na Desemba: mgeni anayeongeza siku. Alilala Alhamisi na Ijumaa kwa 9,000, anataka Jumamosi, anaambiwa 13,500, naye anaona ameadhibiwa kwa kuipenda hoteli. Kosa hapa huwa ni la wakati wa kusema. Bei ya usiku wa nyongeza itajwe kabla ya mgeni kukubali, kwa sauti, kama bei ya usiku mpya: "Jumamosi ni 13,500, baba, tofauti na hizi siku mbili ulizolala, kwa sababu ndiyo siku inayochukuliwa zaidi wiki hii. Jumapili imerudi 10,500." Kitu kinachozua kelele ni mhudumu kusogeza tarehe ya kutoka kwenye mfumo na kumwacha mgeni aikute bei mpya kwenye bili saa nne asubuhi, mizigo ikiwa mlangoni. Mara nyingine mfumo unaburuta ile bei ya zamani na hoteli ndiyo inayopoteza. Yote mawili hutokana na kusogeza tarehe bila kuangalia bei ya kila usiku mmoja mmoja.

Bei pia hushuka, na hapa naomba uwe mkali na wakubwa wako. Mgeni alibuku kwa 12,000 akiwa na haki ya kufuta, kikundi cha semina kikajitoa, bei ikarudi 10,500 siku tatu kabla ya kufika kwake. Amepiga simu kuuliza. Kwa kuwa anaweza kufuta na kubuku upya dakika hiyohiyo, hakuna sababu ya kumzungusha. Mhudumu ambadilishie mwenyewe kwenye simu. Hoteli inayomzungusha mgeni wa namna hiyo inakusanya shilingi 1,500 na kuacha mtu asiyeiamini tena. Aliyekubali bei isiyorudishwa habadilishiwi, na asielezwe kwa kuzungukazunguka: punguzo lake lilitokana na sharti hilo. Lakini mpe mhudumu kitu kidogo anachoweza kutoa kwa uamuzi wake, kama kutoka saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi siku ambazo vyumba vipo, au vinywaji viwili baa. Kiwango kiandikwe, ili wa shifti ya usiku asitoe zaidi ya wa mchana.

Kuhusu bei ya wakazi na wasio wakazi, sitakawia. Hoteli nyingi za pwani zinazo zote mbili, na mtalii akigundua huuliza. Iwe imeandikwa wazi, na sharti lake liwe kitambulisho au hati ya ukaazi inayoonyeshwa wakati wa kuingia. Mhudumu aseme hivyo tu. Kinacholeta matatizo ni bei ya wakazi inayotolewa kwa kumtazama mtu sura au kusikiliza lafudhi. Mkenya aliyekulia Uingereza na Mjerumani mwenye kibali cha kazi Nyali wote wataumizwa na mtindo huo.

Si kila tofauti ina maelezo, na vijana wako lazima wajue hivyo pia. Ukipasua tofauti ukamaliza chakula, masharti, siku, idadi ya watu, kodi na wakati wa kubuku, na bado kuna pesa iliyobaki, hilo ni kosa la hoteli hadi ithibitike vinginevyo. Dalili zake zinajulikana. Mtoto wa miaka mitano ametozwa kama mtu mzima. Jina la bei kwenye karatasi ya mgeni linasema hafubodi, kwenye mfumo wenu linasema kiamshakinywa pekee, kwa sababu mtu aliunganisha vibaya bei za ukurasa wa nje na za kwenu. Kodi imejumlishwa mara mbili, ambayo utaitambua kwa kuwa bili imezidi karatasi ya mgeni kwa asilimia 18 kamili. Au wageni wawili wamebuku siku moja, chumba kimoja, masharti mamoja, na bei tofauti. Hapo mhudumu asitunge maelezo. Aseme, "Hii mimi mwenyewe siielewi, nipe hadi saa kumi jioni nikuletee jibu," aandike saa hiyo, na amfuate mgeni hata kama jibu bado halijapatikana. Mhudumu aliyefundishwa kwamba kila bei ina sababu atalitetea hata kosa, na huko ndiko malalamiko yanakogeuka kuwa kesi.

Mafunzo yenyewe yafanye kwa saa moja, kabla ya shifti ya mchana, si zaidi. Chukua buking kumi za Jumamosi moja iliyopita, za aina moja ya chumba, futa majina na namba za simu, uzichapishe kila moja kwenye ukurasa wake. Zichague zenye bei zilizopishana sana. Wape vijana wawili wawili, wazipange kutoka ya chini hadi ya juu, kisha waeleze kila hatua kwa shilingi: hii imezidi ile kwa chakula kiasi gani, kwa masharti kiasi gani, na kinachobaki ni wakati wa kubuku. Ingiza kwenye rundo buking moja yenye kosa la kweli bila kuwaambia. Wale watakaoigundua ndio utakaowaweka kaunta wikendi yenye msongamano. Baada ya hapo wasimame wawili wawili, mmoja mgeni mwenye hasira na mwingine mhudumu, na hapo usikilize Kiswahili chao. Mgeni wa Nairobi, mzee wa Mji wa Kale aliyeleta wajukuu kuogelea, na mtalii anayejua "jambo" tu hawajibiwi kwa sauti moja. Mzee huyo anasubiri shikamoo kabla ya bei, na asipoisikia hatasikia hesabu.

Kitu cha kila siku ni karatasi moja ya saa moja asubuhi, pale shifti zinapopokezana. Iwe na mistari minne tu: vyumba vingapi vimechukuliwa leo, bei ya leo kwa chumba cha kawaida, bei ya kesho, na sentensi moja ya kibinadamu ya sababu. "Jumamosi, 69 kati ya 80, bei 13,500: likizo ya shule, na semina ya watu 30 imeanza jana." "Jumanne ya Mei, 22 kati ya 80, bei 9,000: masika, mvua kila siku." Ile sentensi ya sababu ndiyo wanayoikosa vijana wako leo. Mtu anayepanga bei anaijua, imo kichwani mwake, ila haijawahi kuvuka mlango wa ofisi yake. Mdai kila asubuhi. Akishindwa kuiandika kwa sentensi moja inayoeleweka na mtu wa kawaida, huenda bei yenyewe haijafikiriwa, na ni afadhali aligundue hilo saa moja asubuhi kuliko mgeni aligundue saa moja usiku.

Pale kaunta weka pia daftari la maswali yaliyowashinda. Tarehe, swali kwa maneno ya mgeni, bei zilizolinganishwa, na alichojibiwa. Kila Jumatatu keti nalo na mtu wa bei. Swali likijitokeza mara tatu kwa tarehe moja, kama vile Idi au usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, ambako wageni wengi hukuta chakula cha sherehe cha lazima wasichokijua, basi tatizo liko kwenye maandishi ya ukurasa wenu wa kubuku, na vijana wasilaumiwe. Yabadilisheni maandishi hayo wiki hiyohiyo, mgeni akutane na bei hiyo kwenye simu yake kabla hajapanda treni.